Mstari Mwekundu kwenye Rejista

Mimi nilikuwaga siwezi kukaa. Mama yangu alisema nilizaliwa na siafu miguuni. Hata leo, nikiona kalamu nyekundu mezani kwa mtu, mkono wangu unataka kuichukua na kuitupa dirishani.

Kalamu kama hiyo ndiyo niliyoishika asubuhi ile ofisini, kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, Musoma. Kazi yangu ilikuwa karani wa utumishi. Kabla ya hapo nilikuwa karani kwenye shirika la umma ambalo lilitupunguza kazi wote kwa barua moja iliyobandikwa ukutani. Nilikaa nyumbani Kamunyonge miezi saba nikiuza vitumbua, nikigombana na kila anayenunua. Halafu soko huria likaleta viwanda vya samaki, ndugu wawili wa Bunda wakajenga cha kwao, nikapata meza na kiti. Sikutaka kurudi kwenye vitumbua. Kwa hiyo nilipoambiwa chora, nilichora.

Sheria ya kiwanda ilikuwa fupi. Mtu asipoonekana siku tatu, siku ya nne anafutwa. Karani anachora mstari mwekundu juu ya jina lake, na kwenye safu ya sababu anaandika neno moja: mtoro. Akirudi anapewa kadi mpya yenye namba mpya, na mwezi mzima analipwa nusu, mshahara wa majaribio. Ndugu mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa akikaa kiwandani kila siku, alikuwa na methali yake kwa ajili hiyo. "Asiyekuwepo na lake halipo," alisema, na kuendelea kunywa chai.

Asubuhi ile nilimfuta mama wa meza ya kwanza. Alikuwa mtu wa Butiama, umri wa mama yangu mdogo, mkata minofu aliyefundisha karibu nusu ya chumba kile kushika kisu. Na mimi nilijua amekwenda wapi. Alipita ofisini kwangu Jumatatu, kanga mabegani, akasema, "Mwanangu, mama yangu amefariki. Naenda kuzika." Nikampa pole. Nikampa na nauli kidogo kutoka mfukoni. Siku ya nne nikachora mstari na kuandika mtoro.

Kwetu msiba hauishi siku tatu. Unafika, unazika, unalala matanga, wazee wanakaa kikao, ndugu wa mbali wanaingia. Mtu akiondoka siku ya tatu, anasemwa mpaka wajukuu. Hilo tulilijua wote, tangu mlinzi wa geti mpaka mabosi wenyewe, maana nao walikuwa wakizika kwao Bunda kama sisi.

Alirudi siku ya tisa. Nikampa kadi mpya. Aliitazama ile namba, akanitazama mimi.

"Majaribio?" akauliza. "Mimi nijaribiwe kisu?"

"Ndiyo sheria, mama."

Hakugomba. Angegomba ningepumua. Aliiweka kadi mezani taratibu, akatoka. Kabla ya saa sita nilisikia kwamba kiwanda kimoja cha Mwanza kilikuwa kinamwitaga siku nyingi, na kwamba safari hii amekubali. Angeanza Jumatatu ya wiki ya pili.

Zilibaki siku kumi na moja. Sikuweza kula. Nilizunguka chumba cha kukatia nikaona meza ya kwanza imewekwa mama mmoja mgeni wa Kigera, anavuta kisu kama anayekata nguo, nyama nzuri inabaki kwenye mfupa na kwenda na mapanki, yale mabaki ya vichwa na mifupa. Msimamizi alishika kiuno. Nikaenda kwa ndugu mdogo.

"Bosi, tumrudishe yule mama kwa namba yake na mshahara wake."

"Dada, umetazama getini?" akaniambia. "Watu hamsini wamesimama pale tangu alfajiri. Akiondoka mmoja nachukua mwingine. Nagharimika nini? Karatasi ya kadi?"

Nilitoka nimevimba. Karatasi ya kadi! Kule shirikani tulikuwa na mkuu wetu mmoja aliyetufundisha kupiga hesabu za utumishi, ingawa kule hakukuwa na cha kuhesabu, maana hakuna aliyekuwa akiondoka. Nikakumbuka. Unachukua walioondoka ndani ya mwaka, unagawa kwa wastani wa wafanyakazi uliokuwa nao, unazidisha kwa mia. Mwanzo wa mwaka uliopita chumba cha kukatia kilikuwa na watu sitini na wawili, mwisho hamsini na wanane. Wastani sitini. Nikahesabu mistari myekundu kwenye rejista: hamsini na minne. Hamsini na nne kwa sitini, asilimia tisini.

Tisini! Nilipiga kofi mezani. Yaani karibu chumba kizima kimetoka na kuingia kingine ndani ya mwaka mmoja. Nikasema hii haiendi kwa mdogo. Naipeleka kwa mkubwa mwenyewe.

Ndugu mkubwa alikaa Nyasura, Bunda. Utajiri wake wa kwanza ulikuwa ng'ombe. Alizunguka minadani miaka mingi kabla hajajua sangara anauzwa Ulaya. Kiwandani alikuja Jumamosi tu. Mimi sikuweza kungoja Jumamosi. Nikaomba ruhusa nikidanganya jino linauma, nikapanda pikapu, nikafika kwake na rejista imefungwa kwenye kanga.

Alinikaribisha vizuri, akaniletea uji. Nikamwaga hesabu yangu yote bila kupumua. Alinisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza akasema, "Nisomee hayo majina hamsini na manne."

"Yote, mzee?"

"Yote. Polepole."

Nikasoma. Nilipofika jina la ishirini hivi akainua kidole. "Huyo umeshamsoma." Nikaendelea. "Na huyo. Mume wake anavua Kigera, ana mwanya. Umemsoma mara mbili." Mwishoni alifumbua macho. "Dada, ng'ombe mmoja ukimpitisha mnadani mara tatu, hawi ng'ombe watatu."

Jamani, niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Ni kweli. Mtu akienda msibani anafutwa, anarudi na namba mpya, anafutwa tena. Rejista yetu ilimfanya watu wawili, watatu. Nami ndiye niliyetoa zile namba kwa mkono wangu, halafu nikazihesabu kama kipofu.

"Rudi ukahesabu watu," akasema mzee. "Ukishapata watu, njoo Jumamosi kiwandani. Usiniletee mistari."

Njiani nilijilaumu kwa sauti mpaka abiria wenzangu wakanitazama. Haraka haraka haina baraka, na mimi baraka zangu nilikuwaga nazipoteza hivyo hivyo. Kulikucha niko getini na mlinzi wetu, mzee mmoja asiyesahau sura. Nikawa namsomea jina, yeye ananiambia: huyu alirudi, huyu hakurudi, huyu alikwenda kuzika baba, huyu mtoto alilazwa, huyu alirudi akakuta nusu mshahara, akafanya mwezi mmoja akaondoka. Siku mbili tulifanya kazi ile, mimi nimesimama, nikikaa nasimama tena.

Ikatoka hivi. Katika mistari hamsini na minne, ishirini na mmoja ilikuwa ya watu waliofutwa wakarudi. Hao siwezi kuwaandikia gharama ya kufundishwa, maana kisu walikuwa wanakijua. Walioondoka kabisa ni thelathini na watatu. Kwa wastani wa sitini, asilimia hamsini na tano. Na katika hao thelathini na watatu, kumi na tisa walikuwa wamewahi kufutwa na kurudishwa kwa nusu mshahara angalau mara moja kabla ya kuondoka moja kwa moja. Mlinzi aliniambia, "Wewe unafikiri wanakimbia kazi. Wanakimbia ile nusu."

Sasa bei ya mtu mmoja. Nikazunguka. Stoo wakanipa bei ya mabuti, aproni na ovaroli. Hospitali wakanipa bei ya kupima afya, maana hakuna anayegusa minofu bila kupimwa. Nikaongeza siku ambazo meza inakaa tupu, ovataimu ya wanaoziba pengo, na kazi anayopoteza yule anayemfundisha mgeni. Vyote pamoja vilifika shilingi elfu thelathini na sita, mishahara miwili ya mkata minofu, maana alilipwa elfu kumi na nane kwa mwezi. Kumbe hayo yalikuwa makombo tu. Gharama yenyewe ilikuwa kwenye mfupa.

Msimamizi alinieleza. Fundi akipewa kilo mia za sangara anatoa kilo arobaini za minofu. Mgeni anatoa thelathini na nne. Kilo sita zinakwenda na mapanki, ambayo tunayauza kwa bei ya bure. Mgeni anajifunza kidogo kidogo kwa miezi miwili mpaka amfikie fundi. Nikapiga hesabu kwa huruma: anakata kilo mia tu kwa siku, kilo sita zinazopotea mwanzoni zinaisha polepole, kwa hiyo wastani kilo tatu kwa siku. Siku arobaini na nane za kazi, kilo mia na arobaini na nne. Kila kilo, ukishatoa bei ya mapanki, ni hasara ya shilingi elfu moja. Laki moja na elfu arobaini na nne. Ongeza ile elfu thelathini na sita: laki moja na themanini elfu kwa kila mtu mmoja anayetoka geti lile asirudi. Mshahara wa miezi kumi!

Karatasi ya kadi, aliniambia.

Lakini hesabu ya karani ni maneno. Nilijua wale ndugu watasema msimamizi ameniongopea. Walitakiwa waone kwenye mizani, na mtu wa kuwaonyesha alikuwa mmoja tu, naye nilikuwa nimemfuta. Ijumaa nikashuka Makutano, nikapata baiskeli ya kunibeba mpaka Butiama.

Nilimkuta anapalilia mihogo nyuma ya nyumba ya marehemu mama yake. Kaburi lilikuwa bado udongo mbichi. Nikapiga magoti nikatoa pole yangu mara ya pili. Ile ya kwanza niliitoa nimekaa kwenye kiti.

"Umefuata nini, mwanangu?" akaniuliza.

Nikamweleza yote: thelathini na watatu, mfupa, mizani, Jumamosi. "Nataka waone mkono wako, mama. Wakiona watabadilisha sheria. Utarudi kwa namba yako ile ile, kwa mshahara kamili na nyongeza. Usiende Mwanza."

Alipalilia mistari miwili kabla ya kujibu. "Pale mezani nimeacha wenzangu. Kuna mmoja baba yake hatafika Krismasi. Nitakuja kwa ajili yao." Hakusema zaidi, nami kwa pupa yangu nikachukua kwamba amekubali kurudi. Niliimba njia nzima.

Jumamosi tulikusanyika chumba cha kukatia. Mabosi wote wawili walivaa mabuti na kofia nyeupe, mdogo akilalamika baridi ya barafu. Msimamizi alipima kilo hamsini za sangara huku, kilo hamsini kule, samaki wa ukubwa mmoja. Huku mama wa Butiama. Kule yule mama mgeni wa Kigera, wiki yake ya pili, kisu amekishika kwa ngumi mpaka nikamwonea huruma. Mama wa Butiama alimwona pia. Kabla hajaanza alimwendea, akamgeuzia kiganja, akamwambia, "Usisukume. Ulalishe kwenye mfupa, mfupa wenyewe utakuonyesha njia." Nikataka kupiga kelele, ananiharibia jaribio!

Kisu cha mama wa Butiama hakikuwa na sauti. Kinaingia nyuma ya kichwa, kinateleza, mnofu unatoka mzima kama shuka. Alimaliza, akanawa, akangojea. Mgeni alichukua muda mara mbili.

Mizani ikasema. Mama wa Butiama, kilo ishirini. Mgeni, kilo kumi na saba.

"Kilo tatu," alisema ndugu mdogo. "Kwa kilo tatu mmeniita hapa nigande?"

"Kilo tatu kwa kila hamsini, bosi," nikasema. "Na wageni thelathini na watatu kwa mwaka." Nikatoa karatasi yangu. Thelathini na watatu mara laki moja na themanini elfu: milioni tano, laki tisa na arobaini elfu. "Hizo mnalipa tayari. Hazina risiti tu, kwa sababu zinatoka na mapanki."

Ndugu mkubwa aliinama, akachukua mfupa wa samaki wa mgeni, akaukuna kwa kucha. Nyama ikatoka. Akaukuna wa mama wa Butiama. Haikutoka kitu. Akaiweka yote miwili mbele ya mdogo wake.

"Unataka nini?" akaniuliza.

"Mtu akifiwa au akiuguza apewe siku saba kwa mshahara, arudi kwa namba yake. Nusu mshahara ifutwe kwa anayerudi. Na nyongeza ya elfu tatu kwa mwezi kwa kila mkata minofu." Mdogo akaguna. Nikaendelea kabla hajasema. "Misiba na uuguzi ule wa mwaka jana, wote ishirini na mmoja, siku saba saba ni kama laki moja na elfu tatu. Nyongeza kwa watu sitini, milioni mbili, laki moja na sitini elfu. Jumla haifiki milioni mbili na laki tatu. Sisemi hakuna atakayeondoka. Katika thelathini na watatu, wakibaki kumi na watatu tu, pesa yenu imerudi. Wa kumi na nne ni faida."

"Na wasipobaki?" aliuliza mdogo, na safari hii aliuliza kweli.

"Jaribuni mwaka mmoja. Wasipobaki, mnifute mimi."

Loo, mdomo huu! Nilisikia vitumbua vikinukia. Lakini ndugu mkubwa alicheka. "Rahisi ni ghali," akamwambia mdogo wake. "Mimi nimeuza maksai waliokwisha kujua plau nikanunua madume ya bei poa. Nikakosa msimu. Andika, dada. Tutatia sahihi leo."

Chumba kizima kikapiga vigelegele, visu vinagongwa mezani. Mimi nilikimbia, kweli nilikimbia, mpaka ofisini. Nikaitoa kadi yake ya zamani kwenye droo ya chini, ile yenye namba yake ya kwanza, nikatoka nayo nikimtafuta. Nilimkuta getini amekwisha kuvua mabuti, amefunga kanga yake.

"Mama, kadi yako! Wamekubali!"

"Nimesikia. Mungu awabariki." Hakunyoosha mkono. "Nimeshapokea nauli ya Mwanza, mwanangu. Jumatatu naanza."

"Nauli itarudishwa! Mimi mwenyewe nitairudisha. Mama, umeona, hakuna tena majaribio, hakuna nusu, siku saba..."

"Siku saba ni za wale watakaofiwa. Mama yangu mimi ameshazikwa." Alinishika bega, na sauti yake ilikuwa ya upole, hilo ndilo lililonimaliza. "Nikuulize kitu kimoja. Ulipochora ule mstari, ulijua nimekwenda wapi?"

Ningeweza kusema sheria. Ningeweza kusema nina watoto, nina kodi ya nyumba Kamunyonge. Nikasema, "Nilijua."

"Ukaandika mtoro."

"Nikaandika."

"Mabosi siwalaumu. Hawakuwa wakijua hata jina langu. Lakini wewe ulinipa pole, ukanipa na nauli. Siwezi kukaa mahali ambapo anayenijua ndiye ananiandika mtoro." Akampa mlinzi mkono, akanipa na mimi, akaondoka.

Mwaka ule waliondoka watu kumi na wanane badala ya thelathini na watatu. Waliobaki walipita wale kumi na watatu, ndugu mdogo akaanza kuwaambia wageni wake kwamba wazo lilikuwa lake, na yule mama wa Kigera akawa fundi wa meza ya kwanza. Baba wa yule mwenzao kweli hakufika Krismasi. Mwenzao huyo alikwenda, akazika, akarudi siku ya nane asubuhi, kadi yake iko palepale kwenye sanduku. Alinishukuru. Nilimjibu kwa ukali bila sababu, nikamwona ameshangaa.

Lakini jioni ya Jumamosi ile ya mizani, watu walipotoka, nilifungua rejista kwenye jina la mama wa Butiama. Mstari mwekundu haufutiki, kifutio kinachana karatasi. Nikachukua kalamu ya bluu, nikakata lile neno mtoro, na pembeni, kwenye safu ya sababu ambayo ni nyembamba kiasi cha kuingia neno moja tu, nikaandika kwa herufi ndogo kadiri nilivyoweza: Alikwenda kumzika mama yake, karani akajua, karani akamfuta.

Halafu nikasimama, kama kawaida yangu, nikakuta sina pa kwenda.